Suluhu Kabla ya Sindano

Nimewahi kusuluhishwa mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza na mume wangu, juu ya mambo ya nyumbani ambayo hayakuhusu. Mara ya pili na daktari mwenzangu, juu ya tezi mbili ndogo zilizokaa kwenye figo za mke wa mtu kutoka Makangale. Suluhu ya pili ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi, na halua.

Mimi hasira zangu ziko puani, sijawahi kuzikana. Mama yangu, kule Jadida, hapahapa Pemba, tulikokulia, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso mpaka mkunga akaniomba radhi. Kwa hiyo wanaosema daktari wa wagonjwa mahututi anatakiwa awe mtulivu kama maji ya mtungini, nawaambia waje wao wakae na mashine inayolia, presha inayoshuka, na mtu mzima mwenye shahada mbili anayetaka kwanza tungoje kipimo.

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa makamo, mke mkubwa wa mzee mmoja mkulima. Alijikata na jembe mguuni akilima muhogo. Kidonda akakifunga kitambaa akaendelea na kazi, kama wafanyavyo mama zetu wote. Walipomleta kwetu mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, mwili unachemka, na yeye mwenyewe ukimwita anaitika kama mtu aliye chumba cha pili. Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Hapo mwili hupigana kwa fujo hadi ukajipiga wenyewe: mishipa inalegea, presha inaporomoka, figo na ubongo vinakosa damu. Mguu ulisafishwa na mpasuaji, usaha ukatoka. Antibayotiki alipewa, maji ya dripu alipewa mpaka tukaogopa kumzamisha. Presha haikupanda. Tukamwekea dawa ya kuibana mishipa, noradrenalini, inayoingia tone kwa tone kwa mashine, na kila tulipoiongeza presha ilipanda kidogo, ikakaa, kisha ikashuka tena kwa ufidhuli.

Jambo la kuogopesha lilikuwa kabatini. Noradrenalini ilikuwa inakwisha. Nyengine ilikuwa njiani kutoka Unguja, na njia yenyewe ni boti ya kuteremka bandari ya Mkoani kesho yake, Mungu akipenda. Kwa mwendo ule tuliokuwa tunaongeza, dawa isingefika kesho. Ilikuwa ama mishipa yake ianze kuisikia dawa, tupunguze, ama ikatike naye akatike nayo. Hesabu hiyo hata nesi wa zamu aliyekuwa akibadilisha mabomba ya mashine aliijua, akawa ananitazama mimi kila akifungua kichupa.

Nikasema tumpe haidrokotizoni.

Mwenzangu akasema, "Tupime kotizoli kwanza."

Huyu mwenzangu ni mtu wa Unguja. Mzuri wa tabia, nadhifu, shati lake halijawahi kukunjamana hata siku za zamu ndefu. Lakini anapenda vipimo! Ungemsalimia asubuhi angetaka kukupima kabla ya kuitikia. Kotizoli ni homoni inayotolewa na hizo tezi za kwenye figo, ndiyo inayousaidia mwili kuhimili dhiki, na haidrokotizoni ni homoni hiyohiyo iliyotiwa kwenye kichupa. Yeye aliamini kwamba mgonjwa mahututi wa namna ile tezi zake zinaweza kuwa zinafanya kazi lakini hazikidhi; zinatoa homoni ambayo ingemtosha mtu mzima wa afya, ila haimtoshi mtu aliye kwenye vita. Upungufu wa kiasi, wanauita. Basi, alisema, tumtoe damu, iende Unguja, tukiona kotizoli iko chini tumpe, tukiona iko juu tusimpe, maana dawa hiyo nayo ina madhara yake: inapandisha sukari, inalegeza misuli, inawapa vijidudu vyengine mwanya.

"Damu iende Unguja kwa boti gani?" nikamuuliza.

"Ya kesho."

"Na majibu?"

"Kesho kutwa. Labda mtondo."

"Na yeye je, tumwambie angoje mtondo?"

Hapo sauti yangu ilishapanda. Nikamwambia kwamba huo upungufu wa kiasi wenyewe mabingwa hawajaafikiana kama upo, na wanaosema upo hawajaafikiana mpaka wake uko wapi. Homoni hiyo inabebwa na protini kwenye damu, na mgonjwa mahututi protini zake zimeanguka, kwa hiyo namba inayotoka maabara inaweza kuwa ndogo na homoni yenyewe inayofanya kazi ikawa tele. Kuna kile kipimo cha kuichokoza tezi kwa sindano uone itajibu vipi. Hicho leo kinasema hivi na kesho kinasema vile, na sindano yenyewe Pemba nzima haipo. Mimi nilitaka kumpa kwa sababu moja tu: presha imekataa kusimama na noradrenalini inaongezwa saa baada ya saa, na dawa hii huifanya mishipa ianze kuisikia noradrenalini tena. Mshtuko huvunjika mapema. Kama watu wengi zaidi hupona kwa ajili yake, hilo wataalamu wanabishana hadi leo. Lakini mimi nilihitaji huo mshtuko uvunjike kabla kabati halijabaki tupu!

Tukabishana. Yakhe, tulibishana! Katikati ya ubishi akakubali. Akasema sawa, kwa hali ya kabati hatuwezi kungoja, tumpe sasa hivi, ila damu ya kipimo itoke kabla ya sindano, ili baadaye tujue kama ni tezi au si tezi. Nikamwambia toa damu yako, lakini si tezi. Akasema ni tezi. Nikasema ni mishipa. Wote wawili tumekubali kutoa dawa ileile, kiasi kilekile, mgonjwa yuleyule, na bado tunarushiana maneno juu ya sababu. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

Sasa chumba chetu cha mahututi madirisha yake ni ya vioo vya kupandanisha, na chini ya madirisha ndipo jamaa wa mgonjwa walipotandika mikeka yao. Makangale si karibu, na mtu wa Makangale haletwi hospitali na mtu mmoja. Walikuja ukoo. Mabirika, mashuka, watoto, shehe wao mmoja mwenye ndevu nyeupe ambaye alikuwa mjomba wa mgonjwa. Wote walisikia kila neno. Hawakujua kotizoli ni nini, lakini ugomvi wanaujua.

Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba, miligramu hamsini. Natoka kwenye kona tulipokuwa tukibishana niingie kwa mgonjwa, namkuta mumewe mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bi Daktari," akasema, "mmegombana?"

"Hatujagombana, baba. Tumejadiliana."

"Sie tumesikia."

"Yamekwisha. Nipishe nimchome mkeo sindano."

Hakunipisha. Akasema kwa adabu kubwa, macho chini, kwamba yeye hakatai dawa. "Mie sikatai dawa. Nakataa ugomvi. Dawa haiingii kwa mgonjwa ilhali walioishika wana kinyongo. Alipofariki mama yangu waganga wawili walikuwa hawasemezani, na mie nikanyamaza. Sinyamazi tena. Mpatane kwanza, mbele ya watu, muombane radhi. Kisha mumchome hata sindano mia."

Nikahisi damu imenipanda hadi kwenye masikio. Mkewe yuko ndani anakwisha, kabati linakwisha, na huyu anataka harusi! Ningeweza kumsukuma kando, mwili ninao. Lakini mume ndiye aliyetia kidole gumba kwenye ridhaa zote, na nyuma yake ukoo mzima ulikuwa umeshasimama. Na huyo mwenzangu, badala ya kunisaidia, akasema, "Mzee ana haki. Mimi niko tayari."

Bila shaka alikuwa tayari. Alikuwa hana hasira, faida ilikuwa yake.

Nikamwachia nesi mgonjwa, nikamwambia akiona presha imeshuka chini ya pale tulipoweka mpaka aniite, hata kama nimo kwenye dua. Tukatoka tukakaa mkekani, mimi na koti langu jeupe upande huu, yeye upande ule, shehe katikati. Kahawa ikaletwa. Sinia ya halua ya Wete ikawekwa mbele yetu. Wallahi nilitazama ile halua nikafikiri nimepata homa na mimi.

Shehe akaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kwa urefu ambao siku nyengine ningeusifu. Kisha akasema, "Nani ana dai?"

"Mimi sina dai," nikasema. "Nina mgonjwa."

"Mwenye hasira ndiye mwenye dai," akasema shehe. "Sema, binti yangu."

Nikasema haraka haraka. Mwenzangu akasema taratibu. Shehe akasikiliza pande zote, akazungusha kikombe chake, akauliza, "Yaani dawa mnakubaliana?"

"Ndiyo."

"Na kiasi chake?"

"Ndiyo."

"Na saa ya kutoa?"

"Sasa hivi," tukasema kwa pamoja.

"Basi mnagombania nini?"

"Sababu," akasema mwenzangu.

Bibi mmoja nyuma akasema, "Subhanallah, hawa wamesoma," na sikujua kama ni sifa au msiba.

Hapo ndipo mkwe wao mmoja alipoingia na hotipoti. Asubuhi ile nilikuwa nimemweleza mzee hali ya mkewe, na kwa ujinga wa kutaka kueleweka, ingawa hoja hiyo si yangu, nikamwambia kuna tezi ndogo juu ya kila figo, imekaa kama kofia, huenda zimezidiwa, na dawa nitakayotoa itafanya kazi yao. Mzee akayachukua hayo akayapeleka mkekani. Mkekani wakashauriana. Wakaona kama tezi za figo za mgonjwa zimezidiwa, zipo nyengine duniani. Wakanunua mbuzi, wakachinja. Mkwe akafungua hotipoti mbele yetu: figo mbili, na mafuta yake yote, mbichi.

"Hatukujua mnataka mbichi au ya kuchemsha," akasema.

Nilicheka. Sikutaka, kilitoka tu, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. Mwenzangu yeye hakucheka. Macho yalimng'aa. Akaomba kisu, akasogeza halua pembeni, akaweka figo juu ya sinia, akaanza kuyatenga mafuta taratibu kama yuko darasani.

"Hii hapa," akasema, akaonyesha kijidonge kama punje ya kunde. "Hii ndiyo tezi."

Ukoo ukasogea. Mzee akainama akatazama, akanigeukia. "Bi Daktari ulisema imekaa juu, kama kofia."

"Kwa binadamu," nikasema.

"Kwa mbuzi inakaa pembeni," akasema mwenzangu, kwa sauti ya kunitetea, na mimi nikatamani nimmwagie kahawa.

Akaendelea. Akawaeleza kwamba kitu hiki kidogo ndicho kinachomfanya mtu avumilie homa, njaa, msiba. Ukikikata, mtu anaweza kufa kwa maradhi madogo tu. Tena, akasema, tezi hii ni mvivu wa hali ya juu. Mtu akinywa vidonge vya homoni ya namna hii kutoka nje, kila siku, kwa muda mrefu, tezi inaona kazi yake inafanywa na mwengine, inalala. Inanywea. Alisema hayo kwa kupendezwa na somo lake tu. Mgonjwa alipoingia tulikuwa tumeuliza kama anatumia dawa yoyote, na wote walisema hapana, majani ya mwarobaini tu na kombe la shehe, yale maji yaliyooshewa aya.

Mwanamke mmoja aliyekaa ukingoni mwa mkeka akaweka kikombe chake chini. Alikuwa mke mdogo wa mzee, mke mwenza wa mgonjwa. Tangu waje alikuwa hasemi, anafua tu nguo za mgonjwa na kuzianika.

"Daktari," akamuuliza mwenzangu, "na akiacha vidonge hivyo ghafla?"

Mwenzangu akaweka kisu chini. Mimi nilishasimama.

"Vidonge gani?" nikasema.

Akamgeukia shehe. "Shehe, mtu akiapa kwa jina la Mungu kwamba hatosema jambo, kisha akaona kunyamaza kunaua, anafanyaje?"

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Shehe akaninyooshea mkono nikae, na kwa mara ya kwanza mchana ule alijibu kwa ufupi. Akasema mwenye kuapa akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na afanye lililo bora, kisha atoe kafara: alishe maskini kumi, au kama hana uwezo afunge siku tatu. "Na mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Sema."

Akasema. Mke mkubwa alikuwa na magoti yanayomtesa. Miaka. Akatokea mtu wa dukani akampa vidonge vidogo vyeupe vya magoti. Prednisoloni, tulipovionyeshwa baadaye. Magoti yakapoa siku hiyohiyo. Akawa anavinywa kila asubuhi. Kisha mashavu yakajaa, akanawiri, na mzee akamsifu mbele za watu kwamba mke wake amerudi kuwa mwari. Basi nani angeacha? Lakini hakutaka mzee ajue kwamba ule uzuri unatoka kwenye chupa. Mke mdogo ndiye aliyekuwa akivinunua kila aendapo sokoni, na mwenziwe akamwapisha asiseme kwa mtu yeyote. Alipoumwa, alikuwa anatapika, hakikai kitu tumboni. Vidonge vimekatika tangu siku ya kwanza ya homa.

"Sie tukidhani ni vidonge vya magoti," akasema akilia. "Hatukujua vinahusu tezi. Magoti yako mbali na figo, Daktari!"

Mzee alikuwa amekaa mdomo wazi. "Mashavu?" akasema. "Yale mashavu ni ya dukani?"

Sikungoja jibu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshainuka pamoja, na ukoo mzima ukatufungulia njia bila mtu kukumbuka kama tumeshaombana radhi au bado. Mambo yalikuwa yamegeuka kabisa. Ule upungufu wa kiasi tuliokuwa tunauzozania, wa kusadikika na kutosadikika, haukuwa tena swali letu kwa mwanamke huyu. Wake ulikuwa upungufu wa wazi, ule ambao hakuna mtu duniani anaubishia: tezi imelazwa na vidonge, vidonge vikakatika, na maradhi makubwa yakaingia siku hiyohiyo. Mtu kama huyo asipopewa homoni hufa.

"Mia," nikamwambia nesi. "Si hamsini. Ongeza iwe mia."

Nikaisukuma mwenyewe mshipani. Mwenzangu alikuwa kando yangu, na bomba lake la damu mkononi. Katika zahama ile alitoa damu ya kipimo kutoka mkono wa pili, dawa ikiwa imeshaingia na kuzunguka. Hakuna aliyegundua, wala mimi.

Saa za mwanzo hakuna kilichotokea, na hizo ndizo saa nilizokuwa nikizungumza na Mungu kwa lugha ambayo shehe asingeipenda. Nesi akafungua kichupa cha mwisho cha noradrenalini. Kisha presha ikapanda pointi chache. Nikafikiri mashine inadanganya. Tukapima kwa mkono: kweli. Tukapunguza noradrenalini kidogo, tukakaa kwa woga, ikasimama. Tukapunguza tena. Mkojo ukaanza kuingia kwenye mfuko. Tulichokuwa tunakiongeza kwa hofu tangu aingie, sasa tulikuwa tunakipunguza, na kichupa kile cha mwisho kilidumu hadi boti ikateremsha vyengine.

Mwenzangu akaniambia, "Unaona? Tezi."

"Tezi ya dukani," nikamwambia. "Hiyo si hoja yako."

"Lakini ni tezi."

"Na angekuwa hana vidonge, dawa hii pia ingeweza kumvunjia mshtuko. Utajuaje?"

Akafikiri. "Hatutajua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikampenda kidogo.

Majibu ya kotizoli yalikuja kutoka Unguja baadaye, wakati faida yake imeshapita. Namba ilikuwa kubwa mno. Kwa karatasi ile, mwanamke ambaye tezi zake zilikuwa zimelala usingizi wa pono alikuwa na tezi kali kuliko watu wote wa visiwa hivi. Tukatazamana. Kisha mwenzangu akakumbuka alitoa damu lini, akajipiga kofi la paji. Alikuwa ameipima dawa yangu. Na kama tungeifuata kanuni yake ya mwanzo, iko juu usimpe, tungemkatia homoni mtu asiyekuwa na hata tone la kwake. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye akacheka, ndiyo tabia yake.

Lakini lililobaki halikuwa la kuchekesha. Kwa mgonjwa mwengine, noradrenalini ikishaondoka, haidrokotizoni nayo huachwa. Kwa huyu haikuwezekana. Tuliipunguza polepole, tukijua atarudi kwenye kidonge cha kila asubuhi, kile kile cha siri, safari hii kwa amri yetu, na asikikatishe hata akiumwa. Akiumwa ndiyo kwanza akizidishe. Mtu wa kumsimamia nyumbani tulimhitaji, na wote tulijua ni nani.

Mke mdogo hakuwa na uwezo wa kulisha maskini kumi, mbuzi alishakula akiba yao. Akafunga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mdomo mkavu, akimpaka mwenziwe mafuta miguuni, huku mwenziwe akinyweshwa uji kwa mpira wa puani na akiwa bado hajui lolote.

Siku ya tatu ya funga, mchana, mgonjwa akafumbua macho kwa uzima. Nilikuwepo. Alituangalia wote, akamwona mwenziwe.

"Mbona midomo imekupasuka?"

"Nimefunga."

"Mwezi gani huu?"

"Si Ramadhani. Ni kafara." Akameza mate yasiyokuwepo. "Nimewaambia vidonge."

Mgonjwa akafumba macho tena. Nikaangalia mashine, nikadhani presha imeanguka, haikuanguka. Alikuwa amekasirika tu. Akageuza uso kwenye ukuta, na kwa hali aliyokuwa nayo kugeuza uso tu ilikuwa kazi ya jasho. Misuli yake ilikuwa imelegea mno, kijiko alikuwa hawezi kukishika. Mke mdogo hakujitetea. Alilia bila sauti, akaendelea kumpaka mafuta.

Walikaa hivyo mpaka jua likazama. Nilirudi kuangalia dripu, na wakati ule adhana ya magharibi ikaanza kuingia madirishani. Kwenye meza kando ya kitanda kulikuwa na kisahani cha tende alizoleta shehe. Mke mdogo hakunyoosha mkono. Nadhani aliona haya kula mbele ya mtu asiyemsemesha.

Nikasikia shuka linachakacha. Mgonjwa alikuwa ameutoa mkono. Aliutambaza mezani pole pole, vidole vikatafuta kisahani, vikashika tende, ikamwanguka, akaitafuta tena. Mimi nikasogea nimsaidie, akanitazama kwa jicho ambalo hata mimi na hasira zangu nilirudi nyuma. Akaiinua mwenyewe, mkono mzima ukimtetemeka, mpaka ikafika kwenye midomo ile iliyopasuka.

"Kula," akamwambia. "Usije ukafa wewe sasa."